Mtoto Salama, Mwanana au Zamu? Namna ya kuipa jina programu ya mama na mtoto

Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya afya ya uzazi iliyoitwa Wazazi Nipendeni. Mjamzito, mama mwenye mtoto mchanga, mwenza wake au hata ndugu anayemsaidia aliandika neno "mtoto" kwenye simu yake, akalituma bure kwenda namba 15001, na tangu hapo akawa anapokea meseji zinazolingana na umri wa mimba au wa mtoto. Jina hilo halikutaja wizara, ugonjwa wala teknolojia. Aliyesema alikuwa mtoto, na aliwaambia wazazi wote wawili, baba akiwemo. Kisarufi "nipendeni" ni amri, lakini ikitoka kwa mtoto mchanga inasikika kama ombi. Kwa redio na mabango ya barabarani, ni vigumu kupata maneno mawili yaliyo laini kuliko hayo.

Leo wanaotengeneza programu za simu za kufuatilia ujauzito na chanjo za watoto wanatafuta ulaini huohuo, na wengi hukwama mahali pamoja. Wanakaa mezani na nembo, wanaandika majina kumi yenye maneno mama, mtoto, afya na salama, kisha wanachagua linalopendeza machoni. Miezi michache baadaye wanagundua kwamba jina linalopendeza kwenye nembo linakera kwenye simu. Sababu ni kwamba mama haonani na jina hilo kwenye nembo. Anaonana nalo juu ya meseji inayomkumbusha tarehe, tena kwa muda wa miaka miwili au zaidi, siku njema na siku mbaya. Kwa hiyo mahali pa kulijaribu ni ndani ya meseji.

Herufi kumi na moja

Tuanze na nafasi yenyewe, maana ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Meseji ya kawaida inaweza kuonyesha jina la mtumaji badala ya namba, kama zinavyofanya benki, lakini jina hilo haliwezi kuzidi herufi 11, nafasi kati ya maneno ikiwemo. Wazazi Nipendeni lina herufi 15 hata ukiyaunganisha maneno yake, hivyo halingeingia. Mtoto Salama lina 12 pamoja na nafasi. Ukitaka liingie inakubidi uliandike MtotoSalama. Chanjo Kamili halitoshi hata ukiliunganisha, maana linabaki na herufi 12.

Kuna jambo jingine la kuchagua mapema. Meseji inayokuja kwa jina la herufi haijibiki. Mama akitaka kuuliza swali, hana pa kulituma. Huduma inayotaka mazungumzo ya pande mbili hulazimika kutumia namba fupi kama ile 15001, na hapo jina huhamia mwanzoni mwa meseji yenyewe, ambayo kwa kawaida ina herufi 160 tu. Kila herufi ya jina inapunguza nafasi ya maelezo.

Kwenye simu janja mambo ni nafuu kidogo. Duka la programu la Google huruhusu jina la herufi zisizozidi 30, na la Apple vilevile. Ila mama akishaipakua, chini ya alama ya programu kwenye kioo cha simu huonekana herufi kumi na kitu tu, na zilizobaki hukatwa. Google pia hairuhusu jina la programu kujisifu kwa maneno kama "bora" au "namba moja", wala kutangaza kwamba ni ya bure. Kwa hiyo jina refu lenye sifa nyingi linaweza kukataliwa, na likipita litakatwa.

Jina lisilofichua

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito ahudhurie kliniki mara nane, na hudhurio la kwanza liwe kabla wiki 12 hazijapita. Wiki hizo 12 ndizo ambazo wanawake wengi hawapendi kutangaza habari zao. Wapo wanaoogopa kijicho, wapo ambao hawajamwambia mume, na wapo mabinti ambao hawajui watamwambiaje mama. Tena katika nyumba nyingi simu ni ya watu kadhaa: mume huichukua kwenda nayo kazini, watoto huichezea michezo, shemeji huiazima kutuma pesa.

Sasa weka programu yenye neno "mimba" au "ujauzito" kwenye kioo cha simu hiyo. Kabla mwenyewe hajasema lolote, simu imeshasema. Mwanamke mwenye busara ataifuta programu hiyo mapema, na atakuwa ameikosa katika wiki zilezile ambazo ilikusudiwa kumsaidia. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mtengenezaji anaweza kuzifungia taarifa zote za mama kwa nywila, kisha akazivujisha kwa jina la programu.

Kwa upande wa chanjo siri si kubwa hivyo, lakini neno lenyewe limebeba mizigo. Mfumo ambao serikali ya Kenya iliutumia kusajili waliochanjwa dhidi ya Uviko-19 uliitwa Chanjo, na wakati ule neno hilo lilizungukwa na ubishi na uvumi mwingi. Mama anayempeleka mtoto wake kupata matone ya polio hana sababu ya kuburuzwa kwenye ubishi huo na jina la programu.

Jina lisiloshutumu wala kuahidi

Majina mengi ya afya ni ya kuhimiza: mama makini, mzazi bora, jali mtoto. Kwenye kanga yanapendeza. Lakini fikiria mama aliyekosa tarehe ya wiki ya kumi kwa sababu alikuwa akimuuguza mkwe wake kijijini. Meseji inaingia: Mama Makini, tarehe yako ya kliniki imepita. Jina lililokusudiwa kumsifu limegeuka kejeli. Kuna wanawake ambao huacha kwenda kliniki baada ya kukosa tarehe moja kwa kuogopa kufokewa na nesi mbele za watu, na jina la namna hii linaanza kuwafokea wakiwa bado nyumbani. Tena linamwacha nje baba, bibi au shangazi ambaye ndiye aliyembeba mtoto siku hiyo.

Ahadi ina hatari kubwa zaidi. "Salama" ni neno tamu, na karibu kila kundi huanza nalo. Tatizo la kwanza ni la sokoni: nchini Tanzania Salama ni jina la kondomu linalofahamika kwa muda mrefu, na mtu akiliona kwenye simu ya mkewe hawezi kuzuiwa kufikiri hivyo kwanza. Tatizo la pili ni zito kuliko hilo. Programu inakumbusha tarehe tu. Haizalishi, haichanji, haitibu kifafa cha mimba. Ikijiita Mtoto Salama imeahidi kitu kisicho mikononi mwake, na siku ahadi hiyo ikivunjika, jina litabaki pale kwenye simu.

Kuaminika, basi, kunataka jina dogo kuliko tamaa ya mwenye programu. Litaje kazi inayofanyika kweli, na lisiazime heshima ya mwingine. Majina yenye maneno "taifa" au "wizara" humfanya mama adhani anazungumza na serikali. Herufi M yenye kistari mbele ya jina humkumbusha M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, na kumfanya asubiri kukatwa salio. Kwa Tanzania upo pia mfumo wa m-mama, unaomtafutia usafiri wa dharura mjamzito au mtoto mchanga kwa kupiga 115 bure. Programu ya kumbukumbu ikijipa jina linalofanana na hilo, mtu anaweza kuifungua akitafuta gari usiku wa uchungu, na akapoteza dakika ambazo hana.

Neno "uzazi" nalo lina mtego wake. Maneno "uzazi wa mpango" yamezoeleka mno kliniki, kiasi kwamba jina linaloanza na Uzazi huweza kudhaniwa ni la sindano na vidonge vya kupanga familia. Kwa mwanamke anayetarajia mtoto, hayo ni makosa ya kuchekesha tu. Kwa yule ambaye mumewe hataki kusikia habari za kupanga uzazi, yanaweza kumletea ugomvi.

Meseji tatu

Tufanye zoezi kwa majina manne ya mfano: Mtoto Salama, Mama Makini, Mwanana na Zamu. Yote yanatoka kwenye lugha tunayoizungumza, na yote yanaweza kutamkwa na mtoto wa darasa la kwanza. Kila jina tutaliweka juu ya meseji tatu zilezile.

Ya kwanza ni ya siku ya kawaida: "Habari. Jumatatu tarehe 17 ni siku ya kliniki. Njoo na kadi. Karibu sana." Hapa majina yote manne yanapita. Mtoto Salama linafurahisha, Mama Makini linatia moyo, Mwanana linatua kama upepo wa jioni, Zamu linaeleweka mara moja. Kama tungeishia hapa, tungechagua kwa kupiga kura, na pengine Mtoto Salama lingeshinda.

Ya pili ni ya aliyechelewa: "Tarehe ya kliniki ilipita. Bado hujachelewa mno. Njoo siku ya kliniki inayofuata, nesi atakupangia upya." Mama Makini linaanguka kwa sababu tulizokwisha kuziona. Mtoto Salama linaanza kuyumba, kwa kuwa linaweza kusomeka kama tishio: mtoto wa wenzio yuko salama, wako je? Mwanana na Zamu yanabaki yamesimama.

Ya tatu ndiyo ambayo makundi mengi hayaiandiki kabisa. Mimba imeharibika, au mtoto amefariki, na mama au ndugu yake ametoa taarifa: "Pole sana kwa yaliyotokea. Tumesimamisha meseji zote za tarehe. Ukihitaji msaada, nesi wa kituo chako anakukaribisha." Isome meseji hiyo chini ya jina MtotoSalama. Hakuna maneno ya pole yatakayolifunika jina lile. Hata Mwanana, ambalo maana yake ni upole na utulivu, limebeba neno mwana ndani yake, na siku hiyo sikio la mama litalisikia hilo tu. Zamu halisemi chochote kuhusu mtoto. Linakaa pembeni na kuiacha pole ifanye kazi yake.

Meseji hii ya tatu si jambo la kubuni. Huduma ya MomConnect ya Afrika Kusini, iliyoanza Agosti 2014, humwezesha mwanamke anayejitoa kueleza kwamba amepoteza mimba au mtoto, na akipenda hupokea jumbe za kumfariji badala ya zile za ukuaji wa mtoto. Programu isiyo na njia hiyo itaendelea kumpongeza mama kwa wiki ya ishirini na nne hali mimba haipo tena. Anayetaka jina la upole hana budi kuanza kwa kuuliza kama programu yake inajua kunyamaza.

Zamu lina kasoro zake pia, na ni haki kuzitaja. Halina joto. Mtu akilisikia bila maelezo anaweza kufikiri ni programu ya foleni ya benki au ya ratiba ya walinzi. Lakini maana zake nyingine zinalisaidia: nesi wa zamu ni yule aliyepo, aliye macho, unayemkuta ukibisha hodi. Na kliniki kila mama anasubiri kuambiwa zamu yake imefika. Joto linaloukosa jina linaweza kutiwa kwenye salamu ya meseji, kwa sababu ni rahisi kuongeza upole kwenye maneno yanayofuata jina kuliko kuondoa maumivu yaliyomo ndani ya jina.

Upungufu wa maelezo nao una dawa. Kwenye duka la programu zipo zile herufi 30. Mtu anaweza kuandika "Zamu: Kliniki ya Mama na Mtoto", ambalo linafika 30 kamili, ila hapo programu inajifanya kliniki. "Zamu: Tarehe za Kliniki" lina 23 tu na linasema kweli. Mama akiisha kuipakua, kwenye kioo chake kitabaki Zamu peke yake, na anayeichungulia simu hataambulia kitu.

Sikio la nesi

Jina likishapita kwenye meseji, lipelekwe mahali litakapotamkwa. Programu nyingi za namna hii husambaa kwa mdomo wa nesi, asubuhi, katika chumba chenye watoto wanaolia na mizani inayogongwa. Nesi atalitaja mara moja tu: "Mama, ukifika nyumbani pakua Zamu." Mama atalibeba kichwani hadi atakapopata bando, kisha ataliandika alivyolisikia.

Hapa ndipo matamshi yetu yanapoamua. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, Mlezi huandikwa Mrezi na Faraja huandikwa Falaja. Sauti dh na z nazo hubadilishana, hivyo anayetafuta Dhamana anaweza kuandika Zamana asione kitu. Majina ya konsonanti chache na irabu wazi hufika salama zaidi. Zamu halina r wala l, na mwenye kuliandika vibaya inabidi ajitahidi.

Njia ya kupima haina gharama. Tafuta wanawake wa rika na wilaya tofauti, pamoja na wanaume na bibi wachache, maana nao hushika simu hizo. Usiwaulize kama wanalipenda jina, kwa sababu kwa adabu watasema wanalipenda. Litamke mara moja, zungumza nao habari nyingine kwa dakika kadhaa, kisha waombe waliandike. Halafu uliza swali moja: ukiliona jina hili kwenye simu ya dada yako, utadhani ni la kitu gani? Wakijibu mimba, jina linafichua. Wakijibu kondomu, mikopo au serikali, linapotosha. Wakijibu kwamba hawajui, ila baada ya kuelezwa wakalishika bila kurudiwa, uko pazuri.

Mwisho wa kazi hii uko kwa wasajili. Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA, Zanzibar ina msajili wake wa BPRA, na Kenya ni KIPI. Kusajili upande mmoja hakukulindi upande mwingine. Neno la kawaida linaloitaja kazi yenyewe, kama Chanjo au Kliniki, ni vigumu kukubaliwa liwe mali ya mtu mmoja, na hilo ni jambo jema. Majina ya zoezi letu nayo yangepaswa kukaguliwa huko kabla ya mtu kuyatumia, kisha jina la mtumaji lisajiliwe kwa kampuni za simu.

Tarehe ndiyo inayolilinda jina

Baada ya hayo yote, jina hupata sifa yake kwenye hesabu. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumatatu tarehe 6 Januari 2025. Kwa ratiba ya kawaida, chanjo zake za wiki ya 6 ni tarehe 17 Februari, za wiki ya 10 ni tarehe 17 Machi, na za wiki ya 14 ni tarehe 14 Aprili. Baadaye zinakuja za miezi 9 na miezi 18, ambazo ni surua na rubela. Programu yoyote inaweza kuhesabu hivyo.

Sasa mtoto huyo akaletwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Machi, akiwa amechelewa wiki mbili. Dozi hizi zinatakiwa kupishana kwa angalau wiki nne, kwa hiyo ya pili haiwezi kuwa tena tarehe 17 Machi. Ni tarehe 31 Machi, na ya tatu ni tarehe 28 Aprili. Programu inayohesabu kutoka siku ya kuzaliwa peke yake itamwita mama tarehe 17 Machi. Atapanda bodaboda, atafika, na nesi ataiangalia kadi na kumrudisha nyumbani. Siku hiyo mama atajifunza kwamba Zamu haijui zamu yake, na meseji inayofuata hataifungua. Kwa hiyo anayetafuta jina la kuaminika aanze kwa kuziweka tarehe za programu yake kando ya kadi za kliniki za watoto waliochelewa, azilinganishe moja baada ya nyingine. Zikipishana, arekebishe hesabu kwanza. Uchaguzi wa jina unaweza kungoja wiki moja zaidi.